Treni za India: mgao wa akina mama, wazee na wagonjwa, na zile siti zinazoachiwa dakika za mwisho

Kila msimu napata meseji zilezile. Mtu kamleta mzazi wake India kwa matibabu, daktari kamruhusu juzi, ndege ya kurudi ni Mumbai wiki ijayo na wao wako Bengaluru, wakiangalia treni kila mahali imeandikwa WL, yaani foleni ya kusubiri, basi wanaanza kuulizia teksi ya kilomita karibu elfu moja. Ngoja kwanza. Ile WL unayoiona haimaanishi treni imejaa, inamaanisha fungu moja la siti ndo limejaa, na treni za masafa marefu za kule zina mafungu mengi.

Nimesoma kule miaka kadhaa na nimekuwa mkata tiketi wa ukoo mzima, kila shangazi akija na mafaili yake ya hospitali mimi ndo napigiwa. Kwa hiyo naandika hapa mara moja ili nikiulizwa nitume linki tu.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni kwamba behewa moja la treni ya India haliuzwi kama behewa la treni yetu ya Dar kwenda Dodoma au ile ya Nairobi kwenda Mombasa. Vitanda vimegawanywa tangu siku ya kwanza, hivi ni vya kila mtu, hivi vya wanawake wanaosafiri peke yao, hivi vya chini ni vya wazee, hivi vya walemavu, hivi vya wanajeshi, hivi vya watu wa kituo cha katikati ambao treni inawapitia tu, hivi vimefungiwa vitauzwa siku moja kabla, na hivi vichache anavishika mkubwa wa reli kwa ajili ya dharura na waheshimiwa. Ukifungua tovuti ya IRCTC, wauza tiketi wa reli ya India, au apu yao utaona kisanduku kimeandikwa GENERAL, watu wengi hawajui kama kile kisanduku kinafunguka. Kifungue. Ndani utakuta LADIES, LOWER BERTH/SR.CITIZEN, PERSON WITH DISABILITY, TATKAL na PREMIUM TATKAL. Treni ileile, tarehe ileile, GENERAL inasema WL na LOWER BERTH inasema AVAILABLE. Nimeliona hilo mara nyingi tu.

Huo wa LOWER BERTH/SR.CITIZEN ndo mgao ninaoupenda kuliko yote kwa wagonjwa wetu. Jina linasema wazee lakini masharti ni mapana zaidi, mwanaume ni kuanzia miaka 60, ila mwanamke ni kuanzia 45 tu. Mama wa miaka 47 anayekuja kufanyiwa uchunguzi hajioni mzee na wala hajui kama anastahili, na kweli anastahili. Mjamzito pia anaingia humo ila yeye aende dirishani na cheti cha daktari. Behewa la kulala la kawaida lina vitanda vya chini 6 au 7 vya mgao huu, la 3A (lile la kiyoyozi la vitanda vitatu kwenda juu) ni 4 au 5, na la 2A ni 3 au 4. Usichanganye na punguzo la nauli, punguzo la wazee lilifutwa Machi 2020 wakati wa korona, siku hizi unapata kitanda cha chini kwa bei kamili. Lakini kwa mtu mwenye mshono tumboni au mgongo uliopasuliwa kitanda cha chini ndo safari yenyewe, kile cha juu unapanda kwa vingazi vidogo vya chuma na treni inayumba, hata mimi mzima naogopa.

Sasa mtego uko hapa, na wengi wanakwama hapa. Mgao huo unamkubali mtu anayesafiri peke yake au wawili ambao wote wawili wanastahili. Ukiweka mama wa miaka 61 na kijana wake wa miaka 26 kwenye tiketi moja inakataa. Kwa hiyo mgonjwa na msindikizaji mnakata tiketi mbili tofauti, yeye kwenye mgao wake na wewe kwenye GENERAL, mkijua kabisa mnaweza kuangukia mabehewa tofauti.

Wa LADIES nitaupitia haraka. Ni vitanda 6 kwenye daraja la kulala lisilo na kiyoyozi kwa treni nyingi za mbali, wa wanawake wa umri wowote wanaosafiri peke yao au kikundi cha wanawake watupu. Mabinti wanafunzi, huu ni wenu, msikae mnalia na WL ya GENERAL wakati hamjaufungua. Kuna na mgao wa watalii wa kigeni, wa kukatia dirishani kwenye vituo vikubwa, pale New Delhi wana ofisi yao nzima ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni, unaenda na pasipoti na viza. Mtu wa viza ya utalii aanze huko, tena huo unafunguliwa hadi siku 365 kabla. Ila ni wa mtalii kwelikweli, mwanafunzi asiuwekee matumaini, karani anaangalia viza.

Na mgao wa dharura? Upo, kwa waheshimiwa hasa, ila hata ugonjwa na msiba vinafikiriwa. Hauuzwi popote. Unaanza na tiketi yako ya WL mkononi, kisha barua inapelekwa ofisi ya reli na namba ya tiketi yako, ile PNR, wakikubali jina lako linavutwa juu wakati chati inatengenezwa. Tangu Julai 2025 barua lazima ifike siku moja kabla, saa sita mchana kwa treni zinazoondoka kuanzia usiku wa manane hadi saa nane mchana, na saa kumi jioni kwa zile za baadaye. Kwa hiyo yule jamaa nje ya hospitali anayekwambia saa mbili kabla ya treni kwamba ana "VIP quota" kwa rupia elfu mbili, mpite kama hujamsikia. Hana kitu.

Haya, tuje kwenye siti za dakika za mwisho, maana hapa ndo pana hela na presha.

Siti za dakika za mwisho ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Aina ya kwanza ni TATKAL, hizi zilifichwa makusudi tangu mwanzo na zinafunguliwa siku moja kabla ya treni kuanza safari, saa nne kamili asubuhi kwa mabehewa ya kiyoyozi na saa tano kamili kwa yasiyo na kiyoyozi, saa za India. Ukiwa Dar au Nairobi unamkatia mtu, hiyo saa nne ya India kwako ni saa moja na nusu asubuhi, usije ukaamka saa nne ya kwetu ukashangaa. Unalipa nyongeza juu ya nauli, kwa 3A ni kati ya rupia 300 na 400. Na angalia neno nililosema, siku moja kabla ya treni KUANZA safari, yaani inapotoka kituo chake cha kwanza na si inapofika kwako. Treni iliyotoka Bengaluru Jumatatu usiku ikifika Solapur Jumanne mchana, wewe wa Solapur tatkal yako ilifunguliwa Jumapili asubuhi. Jumatatu ukiingia unakuta makombo.

Kwa mgeni kuna ukuta mwingine. Tangu tarehe 1 Julai 2025 kukata tatkal mtandaoni lazima akaunti ya IRCTC iwe imethibitishwa kwa Aadhaar, ile namba ya kitambulisho cha India, na katikati ya mwezi huohuo wakaongeza OTP inayokuja kwenye simu iliyosajiliwa na Aadhaar. Ukienda dirishani au kwa wakala OTP inakuja kwenye namba ya simu unayoitoa unapokata. Mawakala nao wamefungiwa nusu saa ya kwanza. Halafu Oktoba 2025 wakaweka kwamba hata tiketi za kawaida, dakika 15 za kwanza zinapofunguliwa siku 60 kabla, ziwe za wenye Aadhaar tu, na baadaye wakaurefusha huo muda. Lengo ni kuwabana walanguzi na mashine zao, sawa, ila mgonjwa aliyekuja kwa wiki tatu hana Aadhaar wala hawezi kuipata. Mwanafunzi unaweza, mgeni aliyekaa India siku 182 au zaidi ndani ya mwaka anaruhusiwa kuomba. Wanafunzi naomba muwe nayo, kwa sababu akaunti yako ikishathibitishwa unaweza kumkatia mtu mwingine, abiria mwenyewe atasafiri na pasipoti yake kama kawaida. Ukoo wenye mwanafunzi mmoja mwenye Aadhaar umetulia.

Na tafadhali, TATKAL ikishaandika TQWL achana nayo, usilipe. Wetingi ya tatkal haipandi kwenda RAC, ile hatua ya kupewa nusu kitanda, na chati ikitengenezwa wa wetingi ya kawaida ndo wanaangaliwa kwanza, wao wa tatkal mwisho kabisa. Na tatkal iliyokubali ukiifuta mwenyewe hurudishiwi hata shilingi. Kwa hiyo usimkatie mgonjwa ambaye daktari bado anasema "tutaona kesho".

Aina ya pili ndo siti za chati, na hizi ndo zinanifanya nisiwe na haraka ya kuogopa WL.

Saa kadhaa kabla ya treni kuondoka, kompyuta inatengeneza chati, yaani orodha ya nani analala wapi. Zamani ilikuwa saa nne kabla, Julai 2025 wakaisogeza ikawa saa nane kabla, na treni zinazoondoka kabla ya saa nane mchana chati yake ikawa inatoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Muda wanaubadilishabadilisha kwa hiyo uangalie kwa treni yako. Chati inapotengenezwa ile migao yote inavunjika. Kitanda cha wanawake ambacho hakikununuliwa, cha mlemavu, cha mwanajeshi, cha mheshimiwa ambaye hakuomba, vyote vinamwagwa kwenye sinia moja na wanaanza kugawiwa wenye RAC kwanza, kisha wetingi kwa namba zao. Ndo maana WL 8 inaweza kulala hivyohivyo siku nne haisogei hata hatua, halafu chati ikitoka unakuta una kitanda.

Ila si kila WL inapanda sawa. Angalia herufi za mbele. GNWL ni ya anayesafiri kutoka mwanzo wa njia au karibu yake, hiyo ndo inapanda vizuri. PQWL na RLWL ni za wa katikati, mafungu yao ni madogo, wachache wanaofuta tiketi, hivyo hata namba ndogo inaweza kugoma. Mimi nikikuta kipande changu ni PQWL naangalia kama kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho ni GNWL, nikikuta hivyo nakata njia nzima nashuka pangu, tofauti ya nauli mara nyingi naivumilia. Kushuka mapema hakuna kesi. Kupandia mbele ndo kuna kesi, kama tiketi inasema unapanda Bengaluru na wewe unapanda kituo cha pili, badilisha kituo cha kupandia kwenye akaunti mapema kabla ya chati, la sivyo mkagua tiketi anakuhesabu hukuja na kitanda anampa mwingine, na kisheria yuko sahihi.

Nichukue safari moja muone inavyokwenda. Agosti 2025 mama mkubwa alikuwa amemaliza kliniki ya mgongo Bengaluru, ana miaka 61, na ndege ya kurudi Dar inaondokea Mumbai. Tukachagua Udyan Express, 11302, inatoka Bengaluru usiku na inafika Mumbai CSMT usiku wa siku ya pili, inapita Guntakal, Solapur, Pune. Daktari alitoa tarehe ikiwa imebaki wiki moja tu, GENERAL ya 3A ilishakuwa GNWL zaidi ya ishirini. Nikafungua LOWER BERTH, ikasema AVAILABLE, nikamkatia yeye palepale kitanda cha chini, roho ikatulia maana mgonjwa ndo mwenye haki ya kwanza. Mimi nikajikatia GNWL kwenye tiketi ya pili. Wakati huo nishapanga kwamba kama siku moja kabla, saa nne asubuhi, bado niko juu ya kumi na tano naingia tatkal. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshuka hadi WL 6. WL 6 ya GNWL kwenye treni yenye mabehewa kadhaa ya 3A sikuiona sababu ya kuilipia tatkal, nikaacha.

Siku ya safari chati ikatoka kabla ya saa saba mchana, meseji ikaingia, RAC. Maana yake naruhusiwa kupanda ila nina nusu ya kitanda cha pembeni cha chini, kile kilicho upande wa pili wa korido, kinakunjuliwa kinakuwa viti viwili vinavyotazamana, mimi huku na mhindi mmoja mzee huku, miguu yetu inapishana katikati. Unalipa nauli kamili kwa hicho, ndiyo. Na nikawa behewa la jirani na la mama mkubwa, nikawa nakwenda na kurudi na chupa ya maji ya moto, yeye ananiambia "we mwanangu hebu kaa utulie, mgongo ni wangu siyo wako."

Hapa sasa ndo kuna kipande cha mwisho ambacho wengi hawakijui. TTE, mkagua tiketi, siku hizi hatembei na makaratasi tena, ana kitablet mkononi. Akipita akikuta kitanda mwenyewe hakupanda anakiweka kwenye kile kitablet, na kinamwangukia RAC aliye juu kwenye foleni, si yule anayembembeleza zaidi wala anayekunjua noti. Kwa hiyo mwenye RAC kazi yako ni moja tu, uwe kwenye siti yako anapopita, akukague akuone upo. Nilimuuliza kwa upole namba yangu ya foleni ni ngapi akanionesha kwenye skrini, niko wa pili. Baadaye usiku akarudi, kuna familia haikutokea, akanipa kitanda cha juu kabisa na yule mzee akabaki na kile cha pembeni chote peke yake. Nikalala vizuri hadi asubuhi.

Je kama chati imetoka na wewe bado ni WL? Tiketi ya mtandaoni inajifuta yenyewe na hela inarudi wakikata ada ndogo. Ya dirishani haijifuti, unaipeleka mwenyewe urudishiwe, na usijaribu kupanda nayo behewa la kulala, siku hizi wanakushusha au wanakupiga faini.

Na kama huna tiketi kabisa, chati ikishatoka ndo muda wa kuangalia. Treni ambayo wetingi yote imepata na vitanda vikabaki inaanza kuandika CURR_AVBL badala ya AVAILABLE, hizo zinauzwa kwa nauli ya kawaida bila nyongeza ya tatkal hadi karibu nusu saa kabla ya kuondoka, inapotengenezwa chati ya pili. Kwenye treni zenye foleni ndefu usiitegemee. Kwenye treni ya katikati ya wiki, ya mchana, au ile inayotumia saa nyingi kuliko wenzake, mara nyingi ipo. Ukiwa hapo fungua pia ukurasa wao wa chati:

```
https://www.irctc.co.in/online-charts/
```

Weka namba ya treni, tarehe na kituo unachopandia, inakuletea kila behewa na vitanda vilivyo wazi, tena inaonesha kipande kwa kipande. Unaweza kukuta kitanda kina mtu hadi Solapur halafu kuanzia Solapur hadi Mumbai kiko wazi. Wenye haraka wanaangalia tu kama pameandikwa WL wanaondoka. Wewe ukiona hivyo jaribu kukata kuanzia kituo hichohicho kinachoonekana wazi, na kama unapandia kabla ya hapo jua kile kipande cha mwanzo huna tiketi yake, utahitaji tiketi nyingine kwa ajili yake, usipande ukitegemea utajieleza kwa TTE.

Wale mnaoleta wagonjwa Chennai na Vellore utaratibu ni huohuo, ila kwa Vellore kituo cha treni nyingi za mbali kinaitwa Katpadi, msiandike Vellore halafu mkasema hakuna treni. Na kwa kuwa Katpadi ni kituo cha kupitia, mtakutana na PQWL na RLWL kwa wingi, hivyo anzeni na LOWER BERTH kwa mgonjwa, kisha angalieni kama kukata kuanzia Chennai kunawapa GNWL, na mkikata hivyo mbadilishe kituo cha kupandia kiwe Katpadi siku hiyohiyo mliyokata.